Sanduku Linalojua Mfuko Wako

Katika mchezo wa Half-Life 2, uliotolewa na kampuni ya Valve ya Marekani mwaka 2004, mchezaji hutembea na mtaimbo mkononi akivunja masanduku ya mbao yaliyotapakaa njiani. Sanduku likipasuka, hutoka risasi, dawa ya kuongeza afya, pengine bomu la mkono. Wengi hudhani kila kilichomo kiliwekwa na mbunifu wa mchezo tangu mwanzo, na kwa baadhi ya masanduku ni kweli. Lipo lakini sanduku jingine, lisilo na alama yoyote ya kulitofautisha kwa nje, ambalo huwa halijaamua litatoa nini mpaka pale unapolipasua. Ndipo kompyuta inapotazama mfuko wako, inaona umepungukiwa na nini, na kukupa hicho.

Waliowahi kutengeneza ramani za mchezo huo wanakijua kifaa hiki kwa jina lake la ndani, `item_dynamic_resupply`, kwa sababu Valve iliwapa mashabiki zana na msimbo wa kutengenezea matoleo yao wenyewe. Ndiyo maana tunaweza kukieleza bila kubahatisha. Mbunifu wa ramani hakiambii kitoe nini. Hukiambia tu kwamba, kwenye eneo hili la mchezo, angependa mchezaji awe na kiasi gani cha kila kitu: afya kadhaa kwa mia, risasi za bastola kadhaa kwa mia, na kadhalika. Hesabu inayobaki hufanywa na sanduku.

Tuifuate hesabu hiyo. Mchezo unaruhusu kubeba risasi 150 za bastola, 225 za bunduki ndogo ya rashasha na 30 za bunduki ya marisau. Tuseme mbunifu ametaka uwe na nusu ya kila aina, na wewe umefika kwenye sanduku ukiwa na afya kamili, risasi 60 za bastola, 135 za rashasha na 3 tu za marisau. Bastola yako ina asilimia 40 ya inachoweza kubeba, kwa hiyo umepungukiwa na asilimia 10. Rashasha ina asilimia 60, hujapungukiwa. Marisau yana asilimia 10, na hapo pengo ni asilimia 40. Pengo kubwa ndilo linaloshinda. Unapasua sanduku, unaokota pakiti ya marisau 20, unashukuru bahati yako na kusonga mbele. Sanduku linalofuata, kama hukupiga risasi yoyote njiani, litakupa za bastola.

Kuna mambo mawili madogo yanayoonyesha waliokiunda walikuwa makini. La kwanza, aina ya risasi ambayo huna bunduki yake haihesabiwi kuwa pengo, hivyo hutapewa kitu cha kubeba bure. La pili, sanduku hutazama pia vitu vilivyolala sakafuni karibu yako na kuvihesabu kana kwamba umeshavichukua. Kama pakiti ya marisau ipo pale pembeni na hujaiona, sanduku litadhani shida yako ya marisau imekwisha. Nimewahi kusikia wachezaji wakilalamika kwamba mchezo huu una roho mbaya, unawapa bastola wakati wanalia marisau. Huenda hawakutazama nyuma ya mlango.

Sasa angalia athari yake. Mchezaji mwenye pupa, anayemwaga risasi kama mvua, hurudishwa kila mara karibu na nusu. Mwenye ubahili, anayelenga kichwa na kuhesabu kila risasi, hufika kwenye sanduku lilelile akiwa hana pengo lolote, naye hupata cha kubahatisha. Wote wawili wanaingia kwenye pambano linalofuata wakiwa na silaha zinazokaribiana. Hilo ndilo alilolitaka mbunifu: pambano la mbele limepimwa kwa mtu mwenye nusu, asije mmoja akaingia mikono mitupu na mwingine akaingia na ghala zima. Lakini gharama yake ni kwamba kuweka akiba kunapoteza sehemu ya thamani yake, na aliyeweka akiba haambiwi.

Masanduku ni upande wa vitu. Upande wa maadui una mfano ambao msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kuujali. Resident Evil 5, ya kampuni ya Capcom ya Japani, ilitoka mwaka 2009. Inasimulia habari za Chris Redfield na mwenzake Sheva Alomar katika mji wa kubuni uitwao Kijuju, uliowekwa Afrika Magharibi, ambako wakazi walioambukizwa wanaitwa Majini na wanapiga kelele kwa Kiswahili. Kiswahili kilifikaje huko hata kikawa lugha ya mtaani, Capcom wenyewe ndio wanaojua. Kinachotuhusu hapa ni kwamba hao Majini hawana nguvu ile ile kwa kila mchezaji.

Nyuma ya pazia mchezo hutunza namba moja, kuanzia 1 hadi 10, isiyoonyeshwa popote kwenye skrini. Ukichagua kiwango cha kawaida, unaanza kwenye 4. Ukifa na kupigwa ovyo, namba inashuka, lakini haishuki chini ya 2. Ukipiga vizuri na kuumizwa kidogo, inapanda, lakini haivuki 7. Kila namba ina maana yake: jini anavumilia risasi ngapi, pigo lake linakula afya kiasi gani, anakuvamia kwa haraka au anasitasita, na anatumia mashambulizi yapi. Vizingiti hivyo vya 2 na 7 ndivyo vinavyoifanya kazi hii isiwe uongo mtupu. Aliyechagua kiwango cha kawaida hatajikuta ameshushwa hadi mchezo wa watoto, wala hatasukumwa hadi kwenye 10. Hata hivyo ngazi za viwango tofauti huingiliana, kiasi kwamba fundi kwenye kiwango cha kawaida anaweza kukutana na Majini wakali kuliko wanaomkabili mwanafunzi aliyejitosa kwenye kiwango kigumu. Wakikutana barazani kubishana nani anacheza mchezo mgumu zaidi, wote wawili watakuwa na ushahidi.

Capcom walikuwa wameshautumia mtindo huu kwenye Resident Evil 4 ya mwaka 2005, na pale walifanya jambo la haki: kiwango cha juu kabisa, kiitwacho Professional, kimefungiwa ugumu wa mwisho wala hakishuki hata ufe mara ngapi. Anayetaka kupimwa bila huruma ana mlango wake. Kwenye viwango vya chini, aliyeshindwa mara kwa mara mahali pamoja anaweza hata kukuta maadui wachache kuliko aliowaacha. Na risasi za maadui wanazoangusha wakifa hufuata silaha ulizonazo kwenye begi, kama lile sanduku la Valve.

Si kila mbunifu anayetaka mizani ipande na kushuka. Crash Bandicoot, iliyotengenezwa na Naughty Dog kwa ajili ya PlayStation mwaka 1996, husaidia upande mmoja tu. Ukifa mara nyingi kwenye hatua moja, mchezo hukupa kinyago cha kukukinga na pigo moja, hupunguza mwendo wa lile jiwe kubwa linalokukimbiza, au hukuwekea mahali pa kuanzia karibu zaidi. Asiyekufa hakutani na lolote kati ya hayo. Jason Rubin, mmoja wa waanzilishi wa kampuni hiyo, ameeleza kwamba lengo lilikuwa kumbeba aliye dhaifu bila kumgusa aliye hodari. Mimi nauona mtindo huu kuwa bora kuliko ule wa Capcom kwa michezo mingi. Aliyekufa hadi akachoka na kuzima mashine ana shida ya kweli. Anayeshinda kwa urahisi, mara nyingi anafurahia urahisi huo kwa sababu ameutolea jasho, na kumwongezea adui nguvu kimyakimya ni kumtoza kodi juu ya jasho lake.

Kazi ngumu zaidi ya yote ni kupima. Kompyuta haijui kama umekasirika au unaburudika. Inajua afya yako ni 62, na sekunde kumi zilizopita ilikuwa 80. Robin Hunicke, alipokuwa mtafiti kwenye Chuo Kikuu cha Northwestern cha Marekani, alilishughulikia hili mwaka 2004 na 2005 kwa mfumo alioupa jina la Hamlet, uliofanya kazi juu ya mchezo wa kwanza wa Half-Life. Mfumo huo uliweka kumbukumbu ya maumivu anayopata mchezaji katika kila pambano: kwa wastani anapoteza afya kiasi gani, na kiasi hicho kinayumba kwa upana gani. Kutokana na hayo ulikadiria uwezekano wa mchezaji kufa muda mfupi ujao.

Kuyumba huko ndiko kunakosahaulika na wengi wanaojaribu kuunda mfumo wa aina hii. Chukua wachezaji wawili wenye afya 30, na kila mmoja kwa wastani hupoteza 20 kwa pambano. Wa kwanza hupoteza kati ya 18 na 22 kila mara. Huyo atafika ng'ambo, na kumsaidia ni kumharibia. Wa pili mara hupoteza 2, mara hupoteza 45. Wastani ni mmoja, lakini huyu wa pili yuko ukingoni mwa kaburi. Mfumo unaotazama wastani peke yake utawatendea sawa, na kwa mmoja wao utakuwa umekosea.

Hunicke alitenganisha pia aina mbili za kuingilia kati. Moja ni kubadili kitu ambacho mchezaji anakiona tayari: kumpunguzia nguvu adui aliyesimama mbele yake au kumwongezea afya katikati ya pambano. Nyingine ni kubadili ambacho hakijatokea: adui aliye nyuma ya kona, au dawa iliyo kwenye chumba kijacho. Ya kwanza hufanya kazi papo hapo lakini ni rahisi kunaswa, kwa kuwa mtu aliyemwangusha askari kwa risasi tano atashangaa mwenzake akianguka kwa tatu. Ya pili ni salama, ila inaweza kuchelewa, na mchezaji akafa kabla ya kuufikia msaada aliowekewa. Katika jaribio lake, waliocheza mchezo uliorekebishwa walikufa mara chache zaidi, na bado hawakuuona kuwa mwepesi kuliko wenzao walivyouona.

Mfano wa kuingilia yasiyotokea bado ni Left 4 Dead, ya Valve tena, mwaka 2008. Wachezaji wanne wanapita katikati ya makundi ya watu walioambukizwa, na mfumo uitwao Director, yaani mwongozaji kama wa tamthilia, huamua kundi lije lini na litokee wapi. Kila mchezaji ana kipimo cha taharuki. Hupanda anapoumizwa, hupanda sana anapoangushwa chini, na hupanda adui anapouawa karibu yake; kadiri anavyouawa karibu zaidi, ndivyo kinavyopanda zaidi. Pasipo mapambano, kipimo hushuka chenyewe taratibu. Kikifika kileleni, Director hushikilia moto huo kwa sekunde tatu hadi tano, kisha huacha kuleta makundi, husubiri kipimo kishuke, na kuwapa wachezaji kama sekunde 30 hadi 45 za kupumua, isipokuwa wamekimbia mbele kabla ya hapo. Michael Booth, aliyeongoza kazi hiyo, alisisitiza kwamba huo si urekebishaji wa ugumu, ni wa mwendo: maadui hawapungukiwi na nguvu, bali hupangiwa wakati. Anayechezea kiwango kigumu bado anakiona kigumu. Tofauti hiyo ni muhimu, kwa sababu mwendo unaweza kuugeuza utakavyo bila mtu kuhisi ushindi wake umepunguzwa thamani.

Ni lini basi mambo yanaharibika? Mara nyingi ni pale mchezaji anapoiona hila, kama mjukuu aliyegundua kwamba babu anamwachia kete kwenye bao makusudi: anaacha kufurahia hata zile mechi alizoshinda kwa haki. Mfano unaotajwa sana ni The Elder Scrolls IV: Oblivion, ya kampuni ya Bethesda, mwaka 2006. Mchezo huo haukupima ustadi, ulipima cheo cha mhusika, lakini kosa lake linafundisha. Kadiri ulivyopanda cheo, maadui nao walipanda, mpaka majambazi wa barabarani waliokuwa wakidai sarafu chache wakaanza kuvaa deraya za bei mbaya, ambazo bei ya moja ingetosha kumstaafisha jambazi yeyote. Wachezaji wakaona kwamba kupanda cheo hakuna faida, na wengine wakawa wanakwepa kupanda. Hilo ndilo doa kubwa la mifumo hii: ikishajulikana, watu huicheza yenyewe badala ya kuucheza mchezo. Mwenye akili atamaliza risasi zake makusudi kabla ya kupasua sanduku, au atakubali kufa mara mbili mbele ya jitu gumu ili lilegezwe.

Ukitaka kujua kama mchezo ulio nao nyumbani una mkono wa namna hii, jaribio ni rahisi ila linadai uvumilivu. Hifadhi mchezo kabla ya sanduku au adui fulani. Rudia mahali hapo mara kadhaa ukibadili jambo moja tu: mara hii umalize risasi za marisau kwanza, mara nyingine uje umejaa. Kama kinachotoka kinafuata upungufu wako, umepata jibu. Kama kinatoka kwa mchanganyiko usiojali ulichobeba, ni bahati nasibu ya kawaida. Kwenye Half-Life 2 huna haja ya kukisia, kwani amri `g_debug_dynamicresupplies 1` ikiandikwa kwenye konsoli, mchezo wenyewe huandika hesabu zake sanduku linapoamua. Kwa maadui, kufa mara tatu mfululizo mahali pamoja, kisha hesabu risasi zinazomwangusha adui yule yule. Lenga kifua tu. Ukichanganya kifua na kichwa, hesabu yako haitakuwa na maana. Na usitoe hukumu kwa kujaribu mara moja, maana binadamu huona mpangilio hata pale ambapo kuna bahati tupu.

Onyo hilo la mwisho linawahusu hasa wapenzi wa soka la kwenye skrini. Keti kwenye kibanda cha gemu Dar es Salaam au Nairobi jioni moja, utamsikia aliyefungwa dakika ya 90 akiapa kwamba kompyuta ilishaamua. Kipa aliteleza, mshambuliaji akakosa goli tupu, basi ni njama. Madai kama hayo yalifika hadi mahakamani. Novemba 2020 wachezaji kadhaa waliishitaki Electronic Arts huko California, wakidai kwamba FIFA hubadili uwezo wa wachezaji kisirisiri kwenye Ultimate Team, sehemu ambayo watu hununua pakiti za wachezaji kwa fedha halisi, ili ushindi uwe mgumu na ununuzi uongezeke. Hawakutoa shaka yao hewani: kampuni hiyo ina hataza ya teknolojia ya kurekebisha ugumu, na mwaka 2017 watafiti wake walichapisha makala kuhusu kutumia urekebishaji huo ili wachezaji wakae muda mrefu zaidi kwenye mchezo. Kampuni ilikana kabisa kuitumia kwenye Ultimate Team, ikawaruhusu walalamikaji kuzungumza na wahandisi wake, na mwaka 2021 walalamikaji wakaiondoa kesi.

Ingawa kesi ilikwisha hivyo, swali walilouliza lilikuwa halali. Mtu anayecheza peke yake sebuleni na Majini wa Kijuju hadhuriki akisaidiwa bila kuambiwa, mradi vizingiti vipo na kiwango kisichosaidia kipo kwa anayekitaka. Pakiwepo mpinzani wa upande wa pili, au fedha ya mchezaji mezani, siri hiyo haifai. Hapo kampuni inapaswa kuandika kwenye menyu, kwa maneno ambayo kila mchezaji anayaelewa, kama urekebishaji upo au haupo, na kuweka kitufe cha kuuzima.